Ndama amekufa, na maziwa yamegoma kushuka

"Shikamoo daktari. Nina ng'ombe chotara, mama yake zebu, baba yake Friesian, na huu ni uzao wake wa pili. Alikuwa ananipa lita 6 asubuhi na 4 jioni, ndama ananyonya kidogo kabla ya kukama na tena baada ya kukama. Ndama akafa kwa kuharisha akiwa na wiki saba. Wiki hiyohiyo mwanangu aliyekuwa akimkama akarudi shule ya bweni, nikaajiri kijana. Leo ni siku ya 16, napata lita 2 na nusu asubuhi, moja na nusu jioni. Anakula kama kawaida. Tukimaliza kukama kiwele bado kimejaa. Wateja wanalalamika maziwa hayana malai, kama nimeyatia maji. Jirani anasema nimchome sindano ya kushusha maziwa kila siku. Nifanye hivyo?" (Mfugaji, Rungwe)

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa ndama. Sindano ya kila siku, hapana. Ng'ombe wako hajakauka. Sehemu kubwa ya maziwa bado anayatengeneza na yamo kiweleni, ila hayashuki. Hata hivyo siku 16 ni nyingi, na kila siku inayopita inakula kitu ambacho hutakipata tena mpaka azae upya. Ndiyo maana nakuomba uanze jioni hiihii.

Nina uhakika kiasi gani? Tazama kiwele chake. Ng'ombe aliyepungukiwa na chakula au maji hutoa maziwa kidogo, lakini ukimkama anaisha: kiwele kinabaki laini, kimenywea, ngozi yake inakunjamana. Mwenye ugonjwa wa kiwele mara nyingi huonyesha tofauti kati ya robo na robo. Moja inakuwa ya moto au ngumu, na ukikamua matone ya kwanza juu ya kitambaa cheusi unaona mabonge au majimaji. Wako amebaki amejaa robo zote nne, tena ghafla, na hamu ya kula ipo. Hata hivyo fanya kile kipimo cha kitambaa cheusi kesho asubuhi, robo moja moja, maana maziwa yanayolala kiweleni ni chakula kizuri cha vijidudu na ugonjwa unaweza kuja juu ya tatizo hili.

Malalamiko ya wateja wako ndiyo ushahidi ninaoupenda zaidi. Mafuta ya maziwa hayatoki sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho wa kukama. Maziwa ya kwanza yanaweza kuwa na mafuta asilimia 1 au 2 tu, na yale ya mwisho kabisa yakafika 8 au zaidi. Wewe unachota ya juujuu, malai yote yanabaki ndani. Kama unapeleka kituoni, waombe wapime kwa laktomita, kile kipimo kinachoelea kwenye maziwa, mbele yako. Maziwa yaliyotiwa maji huzamisha laktomita kuliko kawaida, lakini maziwa yaliyokosa mafuta huinua kidogo, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji. Kipimo hicho kitakuondolea aibu kwa wateja.

Sasa nikueleze kwa nini hayashuki, maana ukishaelewa hili utajua mwenyewe nini cha kufanya hata siku ambayo mimi sipo.

Watu wengi hudhani kiwele ni kama mfuko wa maji wenye bomba nne chini. Kingekuwa hivyo, kila mwenye nguvu za mikono angeweza kukimaliza. Kiwele kinafanana zaidi na sponji iliyolowa, ambayo chini yake kuna birika dogo. Maziwa yanatengenezwa ndani ya vijifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na mengi yanakaa humohumo na katika vijia vyembamba vinavyotoka humo. Hayadondoki yenyewe, kama sponji iliyolowa inavyoshika maji mpaka uikamue. Kwa ng'ombe wa maziwa wa kizungu, saa 12 baada ya kukamwa, karibu moja ya tano tu ya maziwa yake ndiyo imeshateremka kwenye birika lililo juu ya chuchu. Sehemu nne zilizobaki zimo kwenye sponji. Zebu ana birika dogo zaidi. Chotara yuko katikati.

Mikono ya mkamaji inafika kwenye birika tu. Sponji inakamuliwa na ng'ombe mwenyewe. Kila kijifuko kimezungukwa na vijinyuzi vya misuli kama wavu, na nyuzi hizo hujikaza pale tu zinapofikiwa na homoni iitwayo oksitosini. Homoni hiyo inatoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Ndama anapoisukuma chuchu, au mkono wenye joto unapoisugua, habari inasafiri kwa mishipa ya fahamu kupitia uti wa mgongo hadi kwenye ubongo. Ubongo ukiridhika unaachia oksitosini ndani ya damu, damu inaipeleka kiweleni, nyuzi zinajikaza, na ghafla unaona chuchu zimetuna na kumeremeta. Wafugaji wanasema "ameshusha", na neno hilo ni sahihi kabisa.

Kwamba ujumbe wa kushuka unapitia kwenye damu lilionyeshwa vizuri mwaka 1941 huko Marekani na watafiti wawili, Ely na Petersen. Walikata mishipa ya fahamu inayokwenda nusu moja ya kiwele na kuiacha nusu nyingine. Ng'ombe aliposhusha, nusu zote mbili zilishusha pamoja. Kisha wakamtisha: wakamweka paka mgongoni na kupasua mifuko ya karatasi karibu naye. Maziwa yakagoma. Walipomchoma adrenalini, homoni ya woga, matokeo yakawa yaleyale. Nakutajia jambo hili la zamani kwa sababu mpaka leo wapo wanaoamini kwamba ng'ombe "anaficha kwa makusudi", eti ni mkaidi, ana hila. Kushusha si jambo analoliamua, kama wewe usivyoamua moyo wako udunde polepole ukiwa umeshtuka. Anayempiga ng'ombe aliyezuia anaongeza kilekile kilichomfanya azuie.

Sasa tuje kwa ndama. Kwa mama wa zebu, ndama ndiye ufunguo wa asili, na hakuna mkono unaomfikia. Anakuja na harufu yake, sauti yake, ulimi wenye joto, ananyonya haraka haraka na kuruka kutoka chuchu moja hadi nyingine, na maziwa yakichelewa anakigonga kiwele kwa pua. Ng'ombe wa Friesian huko Ulaya wamechaguliwa kwa vizazi vingi: aliyegoma kushusha bila ndama hakuachwa aendelee kuzaa. Zebu hakuchaguliwa hivyo, kwa sababu mfugaji wake siku zote alimwacha ndama anyonye. Ndiyo maana wafugaji wa kuhamahama wa Afrika Mashariki, ndama akifa, walichuna ngozi yake, wakaijaza nyasi na kumwekea mama pale mbele wakati wa kukama, ainuse na kuilamba. Hawakuhitaji kusikia neno oksitosini kujua hilo. Wako ni nusu kwa nusu, na nusu ya mama yake ndiyo inayomuuliza kila asubuhi ndama yuko wapi.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Wakati ndama yu hai, ulikuwa unamkama baada ya ndama kufungua mlango. Yaani mwanao alikuwa akikama maziwa yaliyoshushwa na ndama. Ng'ombe hajawahi kufundishwa kushusha kwa ajili ya mkono peke yake, kwa hiyo usimlaumu kijana wako peke yake. Hata mkamaji hodari angepata shida siku za kwanza.

Lakini kijana naye ana sehemu yake, na hapa ndipo mambo mawili yalipokutana vibaya. Katika wiki moja ng'ombe alimpoteza ndama na alimpoteza mtu. Ng'ombe anawatambua watu kwa sura, kwa nguo na kwa sauti, na anakumbuka nani alimtenda nini. Mwaka 1999 watafiti wa Kanada na Denmark, kina Rushen, walichapisha jaribio ambapo ng'ombe walizoeshwa watu wawili, mmoja mpole na mmoja mkali. Baadaye wakakamwa huku mmojawapo akiwa amesimama tu karibu. Yule mkali aliposimama, bila hata kumgusa ng'ombe, maziwa yaliyobaki kiweleni baada ya kukama yaliongezeka kwa asilimia kama 70.

Woga unafunga milango miwili tofauti, na ni vizuri uitofautishe. Wa kwanza uko kwenye ubongo: ng'ombe akiwa mahali pageni, au na mtu mgeni, au akiwa amemkosa ndama, oksitosini haiachiwi kabisa. Chuchu zinasuguliwa, habari inafika, ubongo unakaa kimya. Wa pili uko kiweleni: ng'ombe akishtuliwa au kuumizwa, adrenalini inabana mishipa ya damu ya kiwele na kuzifanya zile nyuzi zisiitikie. Hapo hata oksitosini ikiwepo haifanyi kazi yake. Ndiyo sababu mtu anampiga ng'ombe, halafu anamchoma sindano, halafu anashangaa sindano "imeisha nguvu". Ng'ombe akishtuka kweli, amepigwa, ameteleza au amekimbizwa na mbwa, muache apumue kama nusu saa ndipo umkame. Wako naona mlango wake ni ule wa kwanza zaidi, ila ukimwuliza kijana kwa upole jinsi anavyomtuliza, utajua kama na wa pili umo.

Sasa kwa nini nilisema siku zinakula? Kiwele kinajitengenezea kipimo chake chenyewe. Maziwa yakibaki ndani, yanazipa habari zile seli kwamba kilichopo hakihitajiki, nazo zinapunguza kasi. Likiendelea siku nyingi, baadhi ya seli zinaacha kazi moja kwa moja na hazirudi mpaka mzao ujao. Kwa hiyo zile lita 6 ulizopoteza kwa siku zina mafungu mawili: yaliyomo kiweleni na hayashuki, na yale ambayo hayatengenezwi tena. Fungu la kwanza tunalipata. La pili linakua kila siku. Siku ya 16 bado la kwanza ni kubwa, na kiwele chake kubaki kimejaa kunaniambia hivyo.

Haya, jioni hii.

Mkamaji awe mmoja, na awe wewe. Najua una kazi nyingine, lakini kwa wiki mbili hakuna njia nyingine ninayoiamini zaidi. Kijana aendelee kukata majani na kusafisha banda. Kama koti au shati ambalo mwanao alikuwa akivaa wakati wa kukama bado lipo nyumbani, livae bila kulifua. Si uchawi, ni harufu na sura anayoijua. Kama mwanao alikuwa akimwita kwa jina au kumpigia mluzi, mpigie simu akwambie alifanyaje, na ufanye vilevile.

Saa ziwe zilezile kila siku. Kama asubuhi ni saa kumi na moja na nusu, basi jioni iwe saa kumi na moja, na isivuke hapo kwa zaidi ya robo saa. Ng'ombe aliyezoea saa huanza kujiandaa kabla hujafika. Wengine hudondosha maziwa wakisikia tu ndoo inagongana na mlango. Hilo ndilo tunalolitafuta: kumpa ufunguo mpya badala ya ule uliokufa. Ufunguo huo unaujenga kwa kurudia mambo yaleyale kwa mpangilio uleule. Mimi huchagua sauti ya ndoo, kisha pumba, kisha maji ya uvuguvugu. Tenga pumba kilo moja, umpe wakati wa kukama tu na si wakati mwingine wowote. Ila fahamu kuwa mazoea hayo yana upande wa pili: ukishamzoesha pumba, siku utakayoikosa anaweza kuzuia. Kwa hiyo usianze na chakula usichoweza kukipata kila siku. Afadhali nusu kilo isiyokosekana.

Sasa kiwele. Kioshe kwa maji ambayo mkono wako unayahisi ya joto la kupendeza, yasiyochoma, ukianzia kwenye chuchu. Kikaushe kwa kitambaa safi. Kisha weka mikono yote miwili na ukisugue kwa viganja, juu kwenda chini, kila robo, ukimalizia kwenye chuchu. Endelea kwa dakika nzima, na hesabu kweli, kwa sababu dakika moja ukiwa umechuchumaa inaonekana ndefu na watu huishia sekunde 20. Jioni fanya dakika moja na nusu hadi mbili, kwani kiwele kisichojaa sana huchelewa kuitikia kuliko kilichojaa. Homoni inahitaji muda wa kutoka, kusafiri na kufika. Ukianza kukama mapema mno utachukua ya birikani, kisha yatakatika, kisha utaanza kuvuta chuchu tupu, na kumvuta chuchu tupu kunamuuma.

Dalili ya kuanza ni chuchu, si saa. Zikituna zikawa ngumu kidogo kama vidole vilivyojaa damu, na ncha ikatoa tone, anza. Mara nyingi wakati huohuo masikio yanalegea na anaanza kucheua. Hapo mkame kwa mkono mzima, kidole cha shahada kikifunga juu na vingine vikifuata kukaza hadi chini, bila kuvuta chuchu kama kamba. Paka mafuta ya kukamia kidogo. Mkame haraka na usisimame. Oksitosini haikai kwenye damu, inapungua nusu yake kwa dakika chache, na kinachoifanya iendelee kutoka ni mikono yako kuendelea kufanya kazi. Ukiinuka kujibu simu katikati, unaporudi mlango umeshafungwa. Kwa ng'ombe wa lita zako, kazi yote imalizike kwa dakika tano hadi saba.

Yakikatika ilhali kiwele bado kigumu, acha kuvuta. Fanya kile alichokuwa akikifanya ndama: weka kiganja chini ya robo na uisukume juu kwa upole mara kadhaa, kisha sugua nusu dakika, kisha jaribu tena. Fanya hivyo mara moja, au mara mbili kwa mwisho. Yasipokuja, funga kazi, mpake dawa ya chuchu, mwache aende zake. Kumng'ang'ania kwa dakika 20 kunamfundisha kwamba kukamwa ni mateso, na kesho utapata pungufu.

Kuhusu ngozi ya ndama, umeshachelewa, na hata ungeiwahi nisingekushauri, kwa kuwa alikufa kwa kuharisha na hatutaki vijidudu hivyo vizunguke bandani. Kumpa ndama wa kuazima inawezekana, ila baada ya wiki mbili wengi hukataa, na ndama anapigwa mateke. Jirani akiwa na ndama mdogo, mwenye afya, ambaye mama yake hana maziwa, unaweza kujaribu kwa kumpaka ndama maji ya chumvi mgongoni ili mama amlambe, huku miguu ya nyuma imefungwa kwa kamba laini. Siku tatu zikipita bila kumlamba, acha.

Sasa ile sindano. Ndani yake mna oksitosini hiyohiyo, na inafanya kazi, ndiyo maana inapendwa. Shida ni kwamba ukimpa kila siku, mwili wake unaizoea. Baada ya muda yeye mwenyewe anashusha kidogo zaidi bila sindano kuliko alivyokuwa kabla, na sasa umenunua utegemezi kwa fedha yako. Juu ya hayo, sindano inayotembea kutoka boma hadi boma inaweza kubeba ndigana baridi. Na maumivu yake ya kila siku yanatangulia kukama, yaani yanakuwa sehemu ya mazoea mabaya.

Ila ina matumizi mawili ya halali, chini ya daktari wa mifugo wa kwenu. La kwanza ni kupima. Baada ya kukama kwa utulivu na yakawa yamekatika, daktari anampa dozi ndogo mara moja. Kama zinatoka lita mbili au tatu nyingine, nene zenye malai, basi tumethibitisha kwamba maziwa yapo na kilichofungwa ni kwenye ubongo. Kama hakitoki kitu na ng'ombe ametulia, basi seli zimeshapunguza kazi, au kuna ugonjwa, na tusipoteze wakati kwa kusugua. La pili ni daraja: dozi ndogo kwa siku tatu au nne, kila mara ndogo kuliko iliyotangulia, wakati wewe unamjengea mazoea mapya. Kiwele kinamalizika, seli hazifi, na mazoea yanapata nafasi. Mtu wa kuchoma asiwe wewe, na asiwe amevaa lile koti.

Utarajie nini? Miaka ya nyuma nilimhudumia ng'ombe wa namna hii kule Arumeru, chotara, ndama wake alikufa akiwa na wiki sita. Alikuwa na lita 11 kwa siku, tulimkuta na 5. Tulianza siku ya tisa baada ya ndama kufa. Siku nne za kwanza hakuna kilichobadilika, na mwenye ng'ombe alinikasirikia kweli, alitaka kumuuza. Siku ya tano asubuhi akiwa anamsugua chuchu zikatuna, akapata lita 4 kwa mara moja. Kufikia siku ya 12 alikuwa na 8 na nusu, na hapo akasimama. Hakurudi kwenye 11. Wako umechelewa wiki moja zaidi, kwa hiyo mimi ningefurahi nikiona 7, na ningeridhika na 6 na nusu. Dalili ya kwanza huenda isiwe kwenye lita. Tazama kiwele baada ya kukama kama kimeanza kukunjamana, na wasikilize wateja kuhusu malai. Vitu hivyo viwili huja kabla ya ndoo kujaa.

Kwa mzao ujao una njia mbili, na usizichanganye. Unaweza kumtenga ndama tangu saa za kwanza, ukampa dang'a kwa ndoo au chupa, mama akakamwa kwa mkono tangu siku ya kwanza bila kumwonja ndama. Wapo chotara wanaokubali vizuri, hasa wa uzao wa kwanza, na wapo wanaokauka baada ya miezi mitatu. Kwa huyu wako, ambaye mara mbili amenyonyesha, nisingehatarisha. Njia ya pili ni kuendelea na ndama kama ulivyokuwa, na ninaipenda kwa ng'ombe wa nusu damu. Maziwa ya jumla huwa mengi, ndama anapata yale ya mwisho yenye mafuta, na kiwele kinachomalizwa na ndama hupata ugonjwa mara chache. Mwachie ndama achokoze chuchu zote nne kwa dakika moja, mfunge karibu na kichwa cha mama ambapo anaweza kumlamba, mkame mama robo tatu, ya nne mwachie ndama, kisha mfungulie nusu saa. Usimpeleke mbali bandani wakati unakama, kwa sababu ng'ombe anayemngoja ndama wake humwekea akiba, na akiba hiyo inatoka kwenye ndoo yako.

Jambo moja ulibadilishe. Safari hiyo, tangu wiki ya kwanza, ndama asiwe ufunguo peke yake. Kila unapomleta ndama, ndoo igongwe kwanza, pumba iwekwe, kiwele kioshwe kwa yale maji ya uvuguvugu, ndipo ndama aingie. Baada ya mwezi, mara moja kwa wiki, mcheleweshe ndama kidogo uone kama chuchu zinatuna kwa mikono yako kabla hajafika. Na wawepo watu wawili anaowajua, wewe na mwingine, wanaopokezana, ili mmoja akisafiri asimwache na mgeni.

Chukua daftari, andika lita za asubuhi na za jioni kila mara, na pembeni andika kama kiwele kimebaki kigumu au kimelegea. Fanya hivyo siku kumi. Siku ya kumi kiwele kikiwa bado kigumu na lita hazijasogea, usingoje ya kumi na moja, mwite daktari akafanye kile kipimo cha sindano moja, kisha unitumie ukurasa huo wa daftari pamoja na kiasi kilichotoka.